Kalamu Nyekundu ya Ijumaa

Wenzangu, chai bado ya moto na mahamri bado yapo, kwa hiyo nipeni nusu saa. Katibu amenituma niwaeleze wanachama wetu wapya watano jinsi tunavyozichunga hisa za chama: kanuni zake, vikomo vya hasara, na ile karatasi moja mnayopewa kila mwisho wa mwezi. Nimekuja na daftari lenyewe. Lipitisheni mkono kwa mkono ninaposema, ila tafadhali msilishike kwa vidole vya mafuta.

Aliyelianzisha ni Bi Mwalimu, yule pale mkekani, ambaye hotuba hii haipendi hata kidogo. Alifundisha hesabu shule ya msingi mpaka akastaafu, kisha akatushika sisi. Mimi nimelipokea mwaka jana tu, na nakiri kwamba siku ananikabidhi nilidhani kazi ni kunakili bei. Bei siku hizi iko kwenye simu, nikajiuliza daftari la mistari na rula la nini. Miezi minne ilipita kabla sijaelewa nilichokabidhiwa.

Fungueni ukurasa wowote. Kila kampuni ina ukurasa wake. Juu kabisa kuna tarehe tuliyonunua, idadi ya hisa na bei. Chini yake, pamepigwa mstari kwa rula, pana tarakimu nyingine ambayo Bi Mwalimu huiita bei ya kweli. Tuseme tumenunua hisa kwa shilingi 30. Dalali wetu, pamoja na tozo za soko, hutukata karibu asilimia 2, kwa hiyo hisa hiyo imetugharimu shilingi 30 na senti 60. Tukiiuza, tutakatwa asilimia 2 nyingine. Maana yake hisa ikipanda kwa asilimia 3, na watu wakaanza kupongezana kwenye kundi la Watsapu, bado tuko ndani ya hasara. Katika daftari hili hamtaona shilingi 30 ikitumika kupigia hesabu yoyote. Hesabu zote huanzia 30.60.

Sasa kazi ya Ijumaa. Soko la Hisa la Nairobi hufungwa saa tisa alasiri. Baada ya hapo hutoka bei za kufungia, na hizo ndizo tunazoandika. Mgeni hudhani bei ya kufungia ni ile ya mwisho aliyoiona kwenye simu kabla kengele haijalia. Sivyo. Ni wastani wa biashara ya siku nzima, kila bei ikipewa uzito kulingana na wingi wa hisa zilizouzwa kwayo. Mtu akiwa na shida zake, akatupa hisa chache dakika ya mwisho kwa bei ya kutupa, simu yako itakuonyesha bei imeporomoka, lakini bei ya kufungia haitatikisika sana. Vikomo vyetu vyote vinasoma bei hiyo tu. Mnaofungua simu kila saa, fungueni kwa raha zenu, daftari halitawasikiliza.

Wanaoandika ni wawili, na wawili hao hawatoki nyumba moja. Kila mmoja anaandika bei kwenye karatasi yake bila kuiona ya mwenzake. Kisha wanapigiana simu: mmoja anasoma kwa sauti, mwingine anatia alama, halafu wanabadilishana. Mara ya kwanza nilicheka, nikaona kama watoto wanaocheza skuli. Juma la tatu nikaandika 13.70 mahali pa 17.30, na mwenzangu akanikamata kabla wino haujakauka. Bi Mwalimu hakunicheka. Aliniambia tu kwamba jicho lako husoma ulichokwisha kutarajia, na jicho la mwenzako halitarajii hayo.

Bei ikishaandikwa, unakuja ule umbali. Hii ndiyo safu ya mwisho kulia, na ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Haisemi tumepata kiasi gani. Inasema imebaki asilimia ngapi kabla bei haijagusa kikomo. Baharia wa zamani hapa kwetu alitupa bildi majini apime kina, akataka kujua maji yaliyobaki chini ya chombo, na hakujali uzuri wa sura ya bahari. Safu hii ni bildi yetu. Ukiiona hisa kwa majuma sita ikitoka 19, 17, 14, 12, 9, 7, huhitaji mtaalamu akwambie chombo kinakokwenda, hata kama kila juma peke yake ulipita kwa amani.

Vikomo vyenyewe ni viwili. Bei ya kufungia ya Ijumaa ikiwa chini ya bei ya kweli kwa asilimia 10, mwandishi anapiga mstari wa penseli na kuwaandikia wanachama maelezo mafupi: nini kimetokea, na je, sababu iliyotufanya tununue bado ipo? Hakuna kinachouzwa. Ikishuka kwa asilimia 20 Ijumaa mbili mfululizo, inatoka kalamu nyekundu, na Jumatatu asubuhi agizo la kuuza linakwenda kwa dalali. Hakuna kikao wala kura.

Hapo ndipo wengi huguna, na wapya nawaona mnaguna. Kwa nini tusikutane kwanza? Kwa sababu kura ilikwisha kupigwa siku ya kununua. Fomu ya kununulia ina nafasi ya kikomo, na dalali hapigiwi simu mpaka nafasi hiyo ijazwe na saini tatu ziwepo, ya mwenyekiti, ya mweka hazina na ya katibu. Siku ile hatukuwa na hisa, kwa hiyo hatukuwa na cha kutetea. Mtu akishakuwa na hisa iliyoshuka huwa kama mwenye embe lililoanza kuoza: analigeuza upande mzuri kila mgeni anapopita.

Na kwa nini 20, si 10? Kumi ni karibu mno. Kwenda na kurudi kwa dalali peke yake kumekula karibu 4, na bei za soko letu huyumba kwa kawaida tu bila sababu kubwa. Tungekuwa tunatupwa nje kila robo mwaka na kumnenepesha dalali. Kwa nini basi si 50? Anayepoteza asilimia 20 anahitaji kupanda kwa asilimia 25 arudi alipokuwa. Anayepoteza 50 anahitaji kupanda maradufu. Chukueni Safaricom, ambayo kila mtu hapa anaijua. Mwaka 2008 iliuzwa kwa umma kwa shilingi 5. Mwezi wa Agosti 2021 ilivuka shilingi 44. Mwishoni mwa 2023 ilikuwa kwenye shilingi 13 hivi. Aliyeinunua kwa 40 bei yake ya kweli ni 40.80, na kikomo chake ni 32.64, kalamu nyekundu ingemtoa mwaka 2022. Aliyebaki mpaka 13 alihitaji bei izidi mara tatu ndipo arudishe fedha zake. Mwaka 2025 hisa hiyo ilipanda tena ikavuka 25, na kuna watakaosema, si mnaona, ingefaa kusubiri. Lakini aliyetoka kwenye 32 alikuwa na fedha mkononi muda wote huo, na hata kwenye 25 angenunua hisa nyingi kuliko alizoziuza.

Nisiwadanganye lakini kwamba kikomo cha asilimia 20 maana yake hamtapoteza zaidi ya 20. Hili ndilo nililotaka hasa kulifikia leo, na wenye daftari fungueni ukurasa wenye kona iliyokunjwa. Jina la kampuni naliacha, ni ya viwanda. Tulinunua hisa 5,000 kwa shilingi 30. Pamoja na makato zilitugharimu 153,000, wakati mfuko wote ukiwa na 800,000 hivi. Kanuni inasema hisa ya kampuni moja isizidi robo ya mfuko, na tulikuwa chini ya robo. Kikomo kilikuwa 24.48.

Ijumaa ya kwanza bei ilifungia 24.30. Ya pili, 23.90. Kalamu nyekundu ikatoka, na Jumatatu dalali akapewa agizo la kuuza zote kwa 23.90. Akauza 1,200. Basi. Wanunuzi wakaisha. Hisa ile haikuwa na biashara kubwa. Siku nyingi ziliuzwa 2,400 tu kwa jumla, na sisi tulikuwa tumebeba 5,000 tukitaka kupita kwenye mlango ule mwembamba kwa pamoja. Tukateremsha bei: 2,000 zikaenda kwa 23.40, na 1,800 za mwisho kwa 22.75. Jumla ikawa 116,430. Dalali akakata zake, tukapokea 114,101 na senti kidogo.

Tazameni hasara: karibu 38,900 kati ya 153,000. Hiyo ni asilimia 25 na nukta 4, si 20. Mwenye hasira angesema kikomo kimefeli, na wawili walisema hivyo. Bi Mwalimu alikaa na kikokotoo chake akaipasua hasara vipande vitatu, akaviandika pembeni, na bado vinasomeka. Shilingi 30,600 ni ile asilimia 20 tuliyokubali tangu mwanzo. Shilingi 5,970 ni za mlango mwembamba na za lile juma tulilosubiri Ijumaa ya pili. Zilizobaki, 2,328 na senti 60, ni makato ya kuuzia. Kisha akauliza swali moja: kipande kipi kati ya hivi tunaweza kukipunguza?

Makato hayapunguki. Kusubiri Ijumaa ya pili kunatulinda tusitupwe nje na juma moja baya, kwa hiyo alisema tukuache. Mlango ndio uliobaki, na kwa mlango huo ikazaliwa kanuni ya tano. Kabla ya kununua, tunachukua wastani wa hisa zinazouzwa kwa siku katika siku 20 za soko zilizopita. Tunajihesabia robo tu ya hizo, maana tukitaka zaidi tutaisukuma bei wenyewe. Tunazidisha kwa siku 5. Hicho ndicho kiasi cha juu tunachoruhusiwa kuwa nacho. Kwa hisa ile, robo ya 2,400 ni 600, mara 5 ni 3,000. Tulikuwa na 5,000. Kosa letu lilifanyika siku ya kununua, wala halikufanywa na kalamu.

Nilipousoma ukurasa huu mara ya kwanza ndipo nikaanza kumheshimu mama huyu kwa namna nyingine. Hakutafuta mtu wa kulaumu. Aliichukua hasara kama fundi anavyoichukua mbao iliyopasuka, akaigeuza atazame nyuzi zimekwendaje.

Kosa jingine ni langu mwenyewe, na nimeahidi kulisimulia. Kampuni moja ilitoa hisa za bonasi, moja kwa kila tano. Tulikuwa na 1,000 zenye bei ya kweli ya 24, zikawa 1,200. Bei sokoni ilikuwa 22.80, hisa zilipoongezeka ikashuka mara moja hadi 19, kama ilivyopaswa, kwa kuwa kampuni ni ileile na imegawanywa vipande vingi zaidi. Mimi nikaangalia kikomo cha zamani, 19.20, nikapiga mstari kwa mkono unaotetemeka, nikaanza kuhesabu majuma. Bi Mwalimu alinipigia simu Jumamosi. Akaniuliza, mwanangu, shilingi 24,000 tulizolipa zimekwenda wapi? Nikasema zipo. Akasema basi zigawe kwa hisa tulizonazo. Shilingi 20. Kikomo kipya 16. Tulikuwa mbali nacho kabisa. Mstari ule haukufutwa; umekatwa kwa penseli na saini yangu iko pembeni. Katika daftari hili kosa hukatwa likabaki linasomeka, na hakuna ruhusa ya kuchana ukurasa.

Mgao wa faida nao huleta kitu kama hicho kwa kiasi kidogo. Hisa ikianza kuuzwa bila haki ya mgao, bei huteremka karibu sawa na mgao, kwa sababu anayenunua baada ya hapo hatalipwa. Kwa hiyo juma hilo tunaandika herufi M kando ya bei, na mgao wetu, baada ya kodi ya asilimia 5, tunautoa kwenye bei ya kweli kabla ya kupima umbali.

Kuna mahali ambapo kalamu yetu haina nguvu kabisa, na ni vyema mkajua leo kuliko kujua siku hiyo. Kenya Airways ilisimamishwa kuuzwa sokoni Julai 2020, wakati wa mpango wa kuirudisha serikalini, na haikurudi mpaka Januari 2025. Miaka minne na nusu. Mwenye hisa hizo angeweza kuwa na kikomo cha asilimia 20, au cha 5, au akiandike kwa dhahabu. Hakukuwa na soko la kuuzia. Sisi hatukuwa nazo. Hata hivyo kanuni tunayo: hisa ikisimamishwa zaidi ya siku 30, katika taarifa ya mwisho wa mwezi inaandikwa sifuri, na jina lake linabaki. Ikirudi, tutafurahi. Isiporudi, hatutakuwa tumejidanganya kwa miaka minne kwa bei ya kihistoria. Kwa hisa za namna hii kinga ni ile robo ya mfuko peke yake.

Sasa taarifa yenyewe, na hapa nitafupisha kwa sababu mtaiona kila mwezi. Ni ukurasa mmoja. Inaanza na idadi za hisa, na idadi hizo hazitoki kwenye daftari. Zinatoka kwenye taarifa ya akaunti yetu ya CDS, ambako hisa zimesajiliwa kwa jina la chama. Daftari linalinganishwa nayo, si yenyewe na daftari. Wenye umri wangu mnakumbuka madalali walioanguka Nairobi mwaka 2007 na 2008, na wateja waliogundua kwamba walichokuwa wakiambiwa na dalali hakikuwa kilichokuwamo kwenye akaunti. Tangu hapo Bi Mwalimu haamini karatasi ya mtu aliyeshika bidhaa na risiti kwa pamoja.

Mstari ambao wengi wenu mtaukimbilia ni thamani ya mfuko. Naomba msiukimbilie. Mwaka mmoja tulianza na 700,000 tukamaliza na 1,100,000, na katika kikao cha Disemba kulikuwa na vigelegele. Bi Mwalimu akaomba kusema. Akatukumbusha kwamba tuko 20, kila mtu anachanga 2,000 kwa mwezi, na mwaka una miezi 12. Hiyo ni 480,000 tuliyoingiza wenyewe. Mfuko ulipaswa kuwa 1,180,000 hata kama tungeziweka fedha chini ya godoro. Tulikuwa tumepoteza 80,000 na tunashangilia.

Kwa ajili ya siku ile taarifa sasa inapimwa kwa kipande. Kila mchango hununua vipande kwa thamani ya siku hiyo. Mfuko ukiwa na 812,000 na vipande 7,000, kipande kimoja ni shilingi 116, na mchango wa 2,000 unampa mtu vipande 17 na robo, kasoro kidogo. Michango ikiingia, vipande vinaongezeka lakini thamani ya kipande haisogei. Inasogezwa na soko, makato na mgao tu. Kwa hiyo someni kipande. Kikishuka kwa asilimia 12 kutoka kilele chake cha mwisho wa mwezi, chama hakinunui chochote kwa miezi mitatu, hata mwenyekiti akija na habari tamu kiasi gani. Na wapya watano, hii ndiyo sababu hamkuingia kwa bei ya waanzilishi, wala wao hawakuwabebesha hasara zao za zamani.

Chini kabisa ya karatasi kuna faida na hasara katika safu mbili: zilizokwisha kuuzwa, na zilizo kitabuni tu. Msizijumlishe. Ya kwanza iko benki. Ya pili ni maoni ya soko ya Ijumaa hiyo.

Nimemaliza, na samahani kwa chai iliyopoa. Daftari lirudi hapa mbele, tafadhali, nani analo? Zamu ya Ijumaa hii ni ya Mzee wetu wa bandarini na dada aliyekaa karibu na mlango, ambaye ni mara yake ya kwanza. Bei hutoka baada ya saa tisa. Dada, usimwonyeshe karatasi yako mpaka akusomee ya kwake. Kalamu nyekundu iko kwenye bahasha, na tangu Machi haijafunguliwa kifuniko.